Kusimba, kutunza na kufuta chati za apu ya wachumba: mwongozo kamili kwa timu ndogo ya Moshi au Arusha

Mtu akibonyeza “Futa akaunti yangu” kwenye apu nyingi, kinachofutika ni mistari ya hifadhidata ya leo. Meseji zake zinabaki kwenye bakapu ya jana, ya juzi na ya wiki iliyopita, na hakuna anayekwenda kuzitoa humo moja moja, maana bakapu hazijatengenezwa kwa kazi hiyo. Kwenye apu ya wachumba hilo ni tatizo zito. Watu humo wanaandikiana habari za afya zao, dini zao, ndoa zilizovunjika, na mambo ya faragha kabisa. Na Moshi ni mji mdogo: jina la kwanza, mtaa na mahali mtu anapofanya kazi vinatosha kumjua ni mtoto wa nani.

Njia inayofanya kazi ni moja, na lazima iamuliwe kabla meseji ya kwanza haijatunzwa: kila mtumaji katika kila mazungumzo awe na ufunguo wake, funguo zikae mbali na meseji, na kufuta kuwe ni kuharibu ufunguo. Ufunguo ukishakufa, nakala zote za meseji, hata zilizo kwenye bakapu, zinabaki takataka isiyosomeka. Hatua zinazofuata ni za timu ya watu wawili au watatu wenye seva moja na PostgreSQL.

Hatua ya 1: Amueni nani anaweza kusoma, kisha mseme ukweli huo

Kuna njia mbili. Ya kwanza, meseji zinasimbwa kwenye simu ya mtumaji na kufunguliwa kwenye simu ya mpokeaji tu. Seva haioni kitu. Ya pili, seva inapokea meseji, inaisimba na kuitunza, na funguo mnazo ninyi.

Njia ya kwanza inalinda zaidi, lakini inaleta kazi mbili ngumu. Mtumiaji akipoteza simu anapoteza chati zote, isipokuwa mumjengee njia ya kurudisha funguo. Na mtu akitishiwa au kutapeliwa, ushahidi uko kwenye simu yake tu. Kwa timu ndogo inayotaka kushughulikia ripoti za utapeli, mimi naichagua njia ya pili, kwa sharti moja: msiandike popote kwamba “hata sisi hatuwezi kusoma”. Mnaweza. Mtumiaji ana haki ya kulijua hilo kabla hajaandika neno.

Hatua ya 2: Andikeni kanuni za kufuta kwenye karatasi

Karatasi kwanza, programu baadaye. Mkianza na programu mtaishia na kanuni zilizozaliwa na uvivu wa mfumo. Kwa kila tukio andikeni nini kinafutwa, lini, na nani anaweza kukizuia. Hizi ndizo ninazozipendekeza.

Chati iliyolala, yaani ambayo hakuna aliyeandika kwa siku 180, inafutwa. Mtu akivunja mechi au akifuta akaunti, maneno yake yanasubiri siku 7, kisha ufunguo wake unaharibiwa. Katika siku hizo 7 chati haisomeki kwa upande wowote. Yule mwingine anaona kitufe kimoja tu, cha kuripoti. Sababu ya kusubiri ni hii: tapeli akishapata pesa hukimbilia kufuta akaunti, na aliyetapeliwa hugundua kesho yake. Meseji zilizoripotiwa zinatunzwa siku 90 tangu ripoti.

Hiyo namba ya 180 inahitaji maelezo, kwa sababu huku kwetu ina mtego. Kila Desemba watu wanapanda nyumbani kutoka Dar, Mwanza na kwingineko. Wawili wanakutana kwenye apu, wanachati mpaka Januari 2, mmoja anarudi Dar na mazungumzo yanapoa. Siku 180 zinaisha Julai 1, na Desemba nyingine wakirudi hawakuti kitu. Kwa hiyo tumeni taarifa siku 14 kabla: “Chati hii itafutwa Julai 1. Je, maneno yako yabaki siku 180 zaidi?” Akikubali, yanabaki mpaka Desemba 28. Asipojibu, yanafutwa. Na kila mmoja anaamua juu ya maneno yake tu; mmoja akiongeza muda na mwenzake asiongeze, itabaki nusu ya mazungumzo. Inaonekana ajabu kwenye skrini, lakini ni haki. Maneno ya mtu yasiendelee kuishi kwa ridhaa ya mwingine.

Hatua ya 3: Ombeni ridhaa inayoeleweka

Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, na inasimamiwa na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Anayekusanya taarifa za watu anatakiwa kujisajili kwenye Tume. Taarifa kuhusu afya, imani ya dini na maisha ya kimapenzi ya mtu zimo kwenye kundi la taarifa nyeti, na kuzichakata kunahitaji ridhaa ya maandishi iliyotangulia. Chati za wachumba zimejaa hizo. Sheria ina masharti pia juu ya kupeleka taarifa nje ya nchi, kwa hiyo kama seva yenu mmeikodi Ulaya au Afrika Kusini, jambo hilo liingie kwenye usajili na kwenye maelezo mnayompa mtumiaji.

Ridhaa ya chati isizikwe kwenye kurasa za vigezo na masharti. Iwe skrini yake yenyewe, itokee mtu anapotaka kuandika meseji yake ya kwanza, isiwe na kisanduku kilichokwisha kuwekewa tiki, na iwe ya Kiswahili cha kawaida. Mfano:

> Tunatunza meseji zako kwenye seva yetu zikiwa zimesimbwa, ili uzikute ukibadilisha simu. Funguo tunazo sisi. Mfanyakazi wetu anafungua meseji pale tu mmoja wenu anaporipoti, na anafungua zile zilizoripotiwa na chache za karibu yake. Chati ikilala siku 180 inafutwa. Ukifuta akaunti, ndani ya siku 15 maneno yako hayatasomeka tena kwenye mitambo yetu. Zilizoripotiwa zinabaki siku 90. Uliyechati naye anaweza kuwa amepiga picha ya skrini. Hiyo hatuwezi kuifuta.

Chini yake viwepo vitufe viwili vya ukubwa mmoja na rangi zinazolingana: “Nakubali zitunzwe” na “Zisitunzwe”. Kitufe cha pili lazima kifanye kazi kweli. Anayekichagua aendelee kuchati, ila maneno yake yakae saa 24 tu kwenye seva kwa ajili ya kufikishwa, kwa ufunguo mpya kila siku. Akigusa kitufe hicho mwambieni pia kwamba ufunguo wa siku hiyo unabaki kwenye bakapu takriban wiki moja zaidi. Kuna gharama hapa na msiifiche: mwenzake akitaka kuripoti, dirisha lake ni fupi. Juu ya chati ya mwenzake iandikwe: “Meseji za mwenzako hazitunzwi zaidi ya saa 24. Ukiona kibaya, ripoti siku hiyo hiyo.”

Tunzeni kumbukumbu ya ridhaa: nani, toleo lipi la maandishi, lugha ipi, saa ngapi, na alichagua nini. Maandishi yakibadilika, hata kwa neno linaloongeza matumizi, toleo ni jipya na mnaomba upya. Kuondoa ridhaa kuwe ni kugusa kitufe kwenye mipangilio, bila kuulizwa sababu na bila kulipa. Akiiondoa, chati zake zinaingia kwenye zile siku 7 kama vile amefuta akaunti.

Hatua ya 4: Tengenezeni funguo

Hifadhidata ziwe mbili, kila moja na nenosiri lake na bakapu zake. Ya kwanza ina funguo na orodha ya nani amechati na nani. Ya pili ina meseji zilizosimbwa, bila jina wala namba ya mtu. Ina namba ya nasibu ya mazungumzo na upande tu, “a” au “b”.

```sql
-- hifadhidata ya funguo
CREATE TABLE funguo (
  mazungumzo_id uuid,
  upande char(1),
  toleo int,
  mtumaji_id uuid,
  ufunguo_uliofungwa bytea,
  futa_baada_ya timestamptz,
  PRIMARY KEY (mazungumzo_id, upande, toleo)
);
```

Mgawanyo huu wa upande una sababu. Kusimba kunaficha maneno, lakini hakufichi kwamba fulani aliandikiana na fulani saa 6 usiku. Kwenye mji ambao watu wanajuana, hiyo peke yake inavunja nyumba. Kiungo kati ya mtu na mazungumzo kikikaa kwenye hifadhidata ya funguo, kinakufa pamoja na ufunguo. Kinachobaki kwenye bakapu ya meseji ni saa na urefu wa maandishi yasiyo na mwenyewe.

Ufunguo wa kila mtumaji ni wa biti 256, na wenyewe unafungwa na ufunguo mkuu ulio nje ya seva yenu, kwenye huduma kama AWS KMS au Vault. Mwizi akibeba hifadhidata zote mbili, bila ufunguo mkuu hajapata kitu. Msijaribu kufuta mazungumzo kwa kufuta ufunguo mkuu: huo umefunga funguo za watu wote, na AWS KMS inalazimisha kusubiri kati ya siku 7 na 30 kabla ya kuuharibu. Mnachofuta ni mstari wa mtumaji husika kwenye jedwali la `funguo`.

Kusimba kwenyewe ni AES-256-GCM, na kwa Python ni mistari michache:

```python
import os
from cryptography.hazmat.primitives.ciphers.aead import AESGCM

def funga(ufunguo, ujumbe, aad):
    nonsi = os.urandom(12)
    return nonsi + AESGCM(ufunguo).encrypt(nonsi, ujumbe, aad)

def fungua(ufunguo, kasha, aad):
    return AESGCM(ufunguo).decrypt(kasha[:12], kasha[12:], aad)
```

Mambo mawili hapa yanaharibika mara nyingi. Nonsi ni baiti 12 za nasibu, mpya kwa kila meseji. Ikirudiwa na ufunguo ule ule, ulinzi wa GCM unaporomoka: anayezishika meseji hizo mbili anaweza kulinganisha yaliyomo, hata kughushi nyingine. Msiitengeneze kwa saa wala kwa namba inayoanza upya seva ikizimwa. La pili ni `aad`. Humo wekeni namba ya mazungumzo, upande na namba ya meseji. Haisimbwi, lakini inakaguliwa wakati wa kufungua. Mtu mwenye ruhusa kwenye hifadhidata akihamisha meseji ya mazungumzo haya kwenda mengine ili ionekane fulani alimtukana fulani, kufungua kunagoma kwa kosa la `InvalidTag`. Mkiona kosa hilo kwenye logi, msilipuuze kama hitilafu ya kawaida. Ama kuna aliyegusa data, ama kuna ufunguo uliochanganywa.

Seva itataka kutunza funguo zilizofunguliwa kwenye kumbukumbu yake ili isisumbue huduma ya funguo kila mara. Ruhusuni dakika 5, zisizidi, la sivyo ufunguo uliofutwa utaendelea kufanya kazi mpaka seva iwashwe upya.

Hatua ya 5: Ripoti iwe na faili lake na ufunguo wake

Wengi hapa huweka “zuio” kwenye mazungumzo yote yaliyoripotiwa, na zuio hilo linasahaulika miaka. Fanyeni hivi badala yake: mtu akiripoti, anagusa meseji zinazomsumbua. Seva inazichukua kutoka kwenye hifadhi yenyewe pamoja na 10 kabla na 10 baada, inazisimba upya kwa ufunguo wa faili la shauri, na faili linapewa tarehe ya kufa. Picha za skrini zisikubaliwe kama ushahidi pekee, maana ni rahisi kuzibuni.

Tuupitie mfano mmoja. Dada wa Moshi, Soweto, anachati na kijana wa Arusha, Sakina, tangu Machi. Aprili 14 kijana anamtishia: tuma laki mbili au picha zako nazipeleka kazini kwako. Aprili 15 dada anaripoti. Faili la shauri linazaliwa na litakufa Julai 14. Aprili 16 saa 2 usiku kijana anafuta akaunti, akidhani amefuta kila kitu.

Akaunti inafungwa papo hapo. Chati zake zote, na huyu dada na wengine, haziwezi kusomwa tena. Siku 7 zinaisha Aprili 23 saa 2 usiku. Kazi ya kufuta inaendeshwa kila siku saa 9 usiku (seva nyingi hutumia UTC, kwa hiyo kwenye ratiba mnaandika saa 00:00):

```sql
DELETE FROM funguo WHERE futa_baada_ya < now();
```

Aprili 24 saa 9 usiku funguo za kijana zinaondoka. Maneno ya dada yana funguo zake mwenyewe, hayajaguswa. Akitaka kuyafuta ni uamuzi wake. Faili la shauri halijaguswa pia, na kijana aliambiwa kwenye skrini ya ridhaa kwamba zilizoripotiwa hukaa siku 90. Ndani ya siku hizo dada anaweza kwenda polisi, na kutisha mtu kwa picha zake ni jambo la kwenda polisi kweli. Polisi wakileta maombi rasmi, kuna kitu cha kuwapa, na ni kile kilichoripotiwa tu. Julai 14 ufunguo wa faili unakufa, isipokuwa kuna maandishi rasmi yanayoeleza kwa nini ubaki na mpaka lini. Kila mfanyakazi anayefungua faili aandikwe: nani, saa ngapi, kwa shauri lipi.

Hatua ya 6: Hesabuni bakapu ndani ya ahadi

Hapa ndipo mpango mzuri huvunjika kimya kimya. Kama bakapu ya funguo inatunzwa mwaka mzima, hamjafuta chochote kwa mwaka mzima. Bakapu ya funguo itunzwe siku 7. Ya meseji inaweza kukaa siku 35, kwa kuwa bila funguo haina maana. Mkitumia nakala endelevu za mabadiliko, zile faili za WAL, nazo zifuate siku 7 kwenye upande wa funguo.

Rudi kwa yule kijana. Bakapu ya funguo inachukuliwa kila siku saa 8 usiku. Ya Aprili 24 saa 8 usiku bado ina funguo zake, kwa sababu kazi ya kufuta inakuja saa moja baadaye. Bakapu hiyo inaharibiwa Mei 1 saa 8 usiku. Tangu alipobonyeza mpaka hapo ni siku 14 na saa 6, ndiyo maana kwenye skrini tuliahidi siku 15. Mkibadilisha ratiba yoyote, hesabu hii irudiwe, na ikizidi 15 basi maandishi ya ridhaa yabadilike kwanza.

Mistari ya meseji zisizo na ufunguo nayo iondolewe, usiku huo huo au wiki hiyo. Haina haraka, lakini isiachwe ijae.

Hatua ya 7: Zibeni njia za pembeni

Arifa za simu zinapita kwa kampuni nyingine na zinatokea kwenye skrini iliyofungwa. Ziandikwe “Una ujumbe mpya” tu, bila jina wala maneno. Simu hulala mezani kwa shangazi, hukaa siku mbili kwa fundi, huazimwa na mdogo mtu. Kwa sababu hiyo hiyo, kwenye Android zuieni chati zisiingie kwenye bakapu ya simu (`android:allowBackup="false"`), na wekeni PIN ya apu.

Namba za simu zina hatari ambayo wengi hawaifikirii. Laini isiyotumika muda mrefu hurudishwa na kugawiwa mtu mwingine. Kama kuingia ni kwa msimbo wa SMS tu, mwenye laini mpya akijisajili anafunguliwa akaunti ya mwenye laini wa zamani, na chati zake zote. Kwa hiyo simu mpya isionyeshwe chati za zamani mpaka PIN ya apu iingizwe. Asiyeijua PIN aanze akaunti mpya, na ile ya zamani iingie kwenye siku 7.

Picha zinazotumwa kwenye chati hubeba mahali zilipopigwa. Ondoeni taarifa hizo kwenye simu kabla picha haijapaa, kisha isimbwe kwa ufunguo wa mtumaji kama meseji nyingine.

Hatua ya 8: Jaribuni kama watu msiojiamini

Fungueni akaunti mbili za majaribio na tumeni neno lisilopatikana popote, mfano `kiboriloni7741`. Kisha litafuteni kwenye hifadhidata na kwenye logi. Angalizo: PostgreSQL hutoa safu za `bytea` kwa heksadesimali, kwa hiyo mkitafuta neno lenyewe tu mnaweza kupata 0 wakati meseji imelala humo wazi. Tafuteni yote mawili:

```bash
H=$(printf 'kiboriloni7741' | xxd -p)
pg_dump meseji | grep -c -e kiboriloni7741 -e "$H"
grep -rl kiboriloni7741 /var/log
```

Amri ya pili itoe 0, ya tatu isitoe jina la faili lolote. Likionekana kwenye logi, kwa kawaida ni ripoti ya hitilafu iliyonakili ombi zima la mtumiaji, au logi ya seva inayoandika mwili wa kila ombi. Zimeni hiyo, futeni logi husika, mrudie.

Kisha jaribio la kurejesha. Futeni akaunti moja ya majaribio, subirini zile siku 7 ziishe na kazi ya saa 9 usiku ipite, halafu rejesheni bakapu ya funguo ya jana yake kwenye seva ya pembeni. Mtaona funguo zilizokufa zimefufuka. Ndivyo itakavyokuwa siku seva ikiungua kweli, na watu waliofuta akaunti watarudi kuonekana. Dawa yake ni orodha ndogo ya waliofutwa, yenye namba ya mazungumzo, upande, toleo na saa, inayotunzwa siku 10 nje ya hifadhidata zote mbili. Kila mnaporejesha, orodha hiyo inapitishwa kwanza juu ya jedwali la `funguo`, ndipo apu inafunguliwa kwa watu. Mkiipitisha kwenye jaribio hili na kujaribu kufungua meseji ya ile akaunti, mfumo useme hakuna ufunguo. Ukitoa maneno, apu isiende kwa umma mpaka mjue ufunguo huo ulitoka wapi.